Alimpiga jembe kichwani, mahakama ikasema 'bila kukusudia': Hapo sheria inapima nini?

Kila habari ya aina hii ikiingia mtandaoni, maoni chini yake hufanana. Mtu kampiga mwenzake jembe la kichwa, mwenzake kafa, kesi imekwenda Mahakama Kuu na hukumu imetoka: ana hatia ya kuua bila kukusudia, miaka kadhaa jela. Wasomaji wanawaka. Jembe lilijipiga lenyewe? Kapewa nini hakimu?

Hasira hiyo inaeleweka, na sehemu ya lawama iende kwa maneno yenyewe. Kwa Kiswahili tumezoea kuyaita makosa haya mawili "mauaji ya kukusudia" na "kuua bila kukusudia". Ukiyasikia hivyo unadhani la kwanza ni la mtu aliyetaka na la pili ni la bahati mbaya. Sheria haiko hivyo. Kuna watu walioua huku wakitaka kabisa kuua, na sheria hiyo hiyo ikawapeleka kwenye kosa la pili.

Kwa Tanzania Bara tofauti ya makosa hayo mawili si ndogo. Kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu kinamwelekeza jaji atoe adhabu ya kifo kwa aliyepatikana na hatia ya mauaji ya kukusudia. Hana nafasi ya kuchagua adhabu nyingine, isipokuwa kwa mwanamke mjamzito, ambaye hufungwa maisha, na kwa aliyetenda kosa akiwa chini ya miaka 18. Kwa kuua bila kukusudia, kifungu cha 198 kinaweka kikomo cha juu tu, yaani kifungo cha maisha. Chini ya hapo jaji anapima mwenyewe.

Kwa hiyo swali la "alikuwa na hali gani kichwani wakati ule" ndilo linaloamua kama mtu atapewa kitanzi au miaka minne.

Tukio moja, matoleo manne

Chukulia mfano huu, ambao ni wa kutunga. Dereva wa bodaboda anarudi nyumbani jioni. Akiingia uani anamkuta jirani akimcharaza mama yake mzazi kwa fimbo, kisa mbuzi walioingia shambani. Jirani anamwona kijana, anaitupa fimbo, anamtukana mama tusi zito na kugeuka aondoke. Kijana anaokota jembe lililokuwa limeegemea ukuta, anampiga nalo mara moja kichwani. Jirani anafia njiani akipelekwa hospitali.

Hilo ni toleo la kwanza. Kabla ya yote, sheria inauliza kama kijana alikuwa anamkinga mama yake. Angempiga jirani wakati fimbo bado inashuka, na kwa nguvu iliyolingana na hatari, angeweza kuachiwa huru kabisa, kwa sababu mtu ana haki ya kumtetea mwenzake. Lakini jirani alishatupa fimbo na kugeuka. Hatari ilikuwa imepita, na kilichobaki kwa kijana ni hasira.

Sasa linakuja swali la pili: je, kulikuwa na nia ovu? Hilo ndilo neno linalobeba kosa zima la mauaji ya kukusudia. Kifungu cha 200 kinaeleza nia hiyo kwa njia kadhaa, na mbili ndizo zinazoonekana zaidi mahakamani. Moja ni kukusudia kuua au kumsababishia mtu madhara makubwa mwilini. Nyingine ni kujua kwamba unachofanya huenda kikaua au kuumiza vibaya, ukafanya hivyo hivyo bila kujali.

Hapa wengi hujikwaa. Huhitaji kuwa ulipanga wiki nzima, wala huhitaji kuwa ulitaka mtu afe. Ukikusudia kumvunja miguu kwa nondo na akafa, nia ovu imeshatimia, kwa sababu ulikusudia madhara makubwa. Ukimlenga mmoja ukampata mwingine, nia inahama na pigo. Kijana wa bodaboda, kwa kumpiga mtu jembe la kichwa, yuko ndani ya maelezo hayo. Kwa kipimo hiki peke yake, alichofanya ni mauaji ya kukusudia.

Kinachomtoa hapo ni kifungu cha 201.

Kuchokozwa si kukasirika tu

Kifungu hicho kinasema hivi, kwa lugha nyepesi: mtu akiua katika mazingira ambayo yangekuwa mauaji ya kukusudia, lakini akafanya hivyo akiwa kwenye ghadhabu iliyoletwa na uchokozi wa ghafla, kabla ghadhabu haijapata muda wa kupoa, basi ana hatia ya kuua bila kukusudia tu. Angalia kwamba sheria haisemi nia haikuwepo. Inasema nia ilikuwepo, ila ilizaliwa na ghadhabu ambayo binadamu wa kawaida naye angeweza kushindwa kuizuia. Kwa hiyo inalishusha kosa ngazi moja. Haimwachii huru.

Na uchokozi wenyewe una masharti. Kwanza, lazima kiwe kitendo kibaya au tusi. Mtu anayefanya jambo lililo halali hakuchokozi kisheria, hata kama limekuudhi. Mwenye nyumba anayekudai kodi yake kwa njia halali hajakupa sababu.

Pili, kinaweza kufanywa kwako wewe, au kufanywa mbele yako kwa mtu wako wa karibu: mume au mke, mzazi, mtoto, ndugu, au mtu aliye chini ya uangalizi wako. Ndiyo maana mama wa kijana wa bodaboda anahesabika. Angekuwa mpita njia asiyemjua, hoja ingekuwa ngumu zaidi.

Tatu, kipimo ni mtu wa kawaida wa jamii anayotoka mshtakiwa. Mahakama haiulizi kama mshtakiwa ana hasira za karibu. Inauliza kama mtu wa kawaida wa kijiji kile, katika maisha yale, angeweza kupoteza uwezo wa kujizuia. Mtu anayelipuka kwa sababu kaangaliwa vibaya baa hapati nafuu kwa kuwa yeye ameumbwa hivyo.

Nne, na hapa ndipo kesi nyingi hufia, ni muda. Ghafla maana yake ghafla.

Saa mbili zinavyobadili kila kitu

Twende toleo la pili. Kijana anafika, jirani ameshaondoka. Mama yuko kitandani ana michubuko, anamsimulia. Kijana anakaa, anakunywa chai, anampigia simu kaka yake. Baada ya saa mbili anachukua panga chini ya kitanda, anatembea hadi kwa jirani, anagonga mlango na kusema, "Leo utanitambua." Anamkata mara tatu shingoni, kisha anapanda pikipiki na kukimbilia wilaya nyingine.

Uchungu wake ni ule ule. Pengine umezidi. Lakini kitendo cha uchokozi hakikufanyika mbele yake, na hata kama kingekuwa, saa mbili, simu na safari ya miguu ni muda ambao sheria inaamini akili ingerudi. Hilo sheria inaliita kisasi, na kisasi ni mauaji ya kukusudia.

Mahakama haina kipimo cha kuingia kichwani mwa mtu. Inasoma nia kutoka kwenye vitu vinavyoonekana. Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilivipanga vitu hivyo katika rufaa ya jinai namba 150 ya mwaka 1994, na majaji wamekuwa wakiirejea orodha hiyo tangu wakati huo: silaha ya aina gani na ukubwa gani, nguvu iliyotumika, sehemu ya mwili iliyolengwa, idadi ya mapigo, majeraha yaliyotokea, maneno aliyotamka muuaji kabla, wakati au baada ya tukio, na mwenendo wake kabla na baada.

Ukilipitisha toleo la pili kwenye orodha hiyo, karibu kila kitu kinamwangukia kijana. Panga, si fimbo. Shingo, si mguu. Mara tatu. "Leo utanitambua." Kisha kukimbia. Katika toleo la kwanza silaha ilikuwa ile iliyokuwa karibu, pigo lilikuwa moja, na alikuja mikono mitupu. Kichwa bado kinamhukumu, lakini mengine yanaunga mkono hadithi ya ghadhabu.

Hii ndiyo sababu maelezo ya kwanza anayotoa mtu polisi yana uzito mkubwa. Kati ya "nilimkuta anampiga mama nikaokota jembe" na "nilisikia kampiga mama nikamfuata" kuna maneno machache tu, ila kila moja lina kifungu chake. Mawakili wengi hukuta kesi imeshaelekea upande mmoja kabla wao hawajaingia.

Kuhusu nani athibitishe, mzigo uko kwa Jamhuri. Mshtakiwa halazimiki kuthibitisha kwamba alichokozwa. Ushahidi ukionyesha uwezekano wa uchokozi, hata ukitoka kwa shahidi wa upande wa mashtaka, waendesha mashtaka ndio wanaopaswa kuuondoa bila kuacha shaka ya maana. Shaka ikibaki, inamfaidi mshtakiwa. Na kesi nyingi hazifiki huko: upande wa mashtaka unakubali kushusha shtaka, mshtakiwa anakiri kosa dogo, na kinachobaki ni adhabu.

Fumanizi na uchawi

Mifano miwili huibuka kila mara katika mjadala huu, na yote miwili inaonyesha mpaka ulipo.

Wa kwanza ni fumanizi. Kumkuta mwenza wako katika tendo ni mfano wa siku nyingi wa uchokozi wa ghafla. Lakini kuambiwa na majirani, kusoma meseji kwenye simu asubuhi halafu kuua usiku, au kuvizia baada ya kushuku kwa mwezi mzima, ni mambo mengine. Anayejua tayari na kwenda na kisu "kuthibitisha" amejipeleka mwenyewe kwenye uchokozi, na hawezi kusema ulimshtua.

Wa pili ni imani za kishirikina. Kuna walioua wakiamini kwa dhati kwamba marehemu amewaua watoto wao kwa uchawi. Tangu mwaka 1951, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, katika kesi iliyotoka Uganda, ilichora mstari: kuamini tu kwamba mtu anakuroga hakutoshi kuwa uchokozi. Lazima kuwe na kitendo kilichofanyika mbele ya mshtakiwa, na mshtakiwa awe ameua papo hapo kwa ghadhabu, si kwa woga uliokaa siku nyingi wala kwa kupanga. Anayemfuata bibi kizee usiku kwa sababu mganga kamtaja, hata akiwa anaamini kwa moyo wote, yuko upande wa mauaji ya kukusudia.

Toleo la tatu: hapa ndipo "bila kukusudia" ya kweli

Rudi uani. Safari hii kijana haokoti kitu. Anamsukuma jirani kifuani kwa mikono miwili, jirani anarudi nyuma, anajikwaa na kuangukia kisogo kwenye ukingo wa jiwe. Anafariki siku ya pili.

Hakukusudia kuua, hakukusudia madhara makubwa, na mtu anayesukuma hawezi kusemwa alijua kifo kinafuata. Lakini kumsukuma mtu ni kinyume cha sheria, na tendo hilo limeleta kifo. Hiyo inatosha kwa kifungu cha 195, yaani kuua bila kukusudia kwa maana yake ya kawaida. Kifungu hicho hicho kinagusa pia uzembe uliopita kiasi kwa mtu mwenye wajibu wa kulinda uhai wa mwingine.

Kwa hiyo toleo la kwanza na la tatu yana jina moja la kosa, ingawa moja lilikuwa na nia na jingine halikuwa nayo. Tofauti inakuja kwenye adhabu. Mwongozo wa adhabu unaotumiwa na mahakama za Tanzania unaligawa kosa hili katika ngazi tatu: ya juu, kuanzia miaka 10 hadi kifungo cha maisha, ya kati, miaka 4 hadi 10, na ya chini, ambayo ni chini ya hapo, ikiwemo kuachiwa kwa masharti. Jaji hutazama silaha, idadi ya mapigo, uchokozi ulikuwa mkubwa kiasi gani, na kama mshtakiwa alikiri mapema. Hapo ndipo "miaka michache tu" mnayoisoma kwenye habari inapotoka.

Toleo la nne: akili iliyopungua, lakini haijaondoka

Sasa liko toleo gumu kuliko yote. Jirani hakumpiga mtu. Kijana wa bodaboda ameanza kusikia sauti tangu mwaka jana. Anajua jembe ni jembe, anajua kuua ni kosa, hata polisi akiulizwa anajibu vizuri. Ila ugonjwa umemshawishi kwamba jirani anataka kuiteketeza familia yake, na kila siku uwezo wake wa kufikiri na kujizuia unapungua. Siku moja anampiga.

Kwa Tanzania Bara, mlango wa kwanza wa mtu huyu ni utetezi wa ugonjwa wa akili chini ya kifungu cha 13. Kifungu kinasema mtu hawajibiki kijinai ikiwa, kwa sababu ya ugonjwa unaoathiri akili, hakuweza kuelewa anachofanya, au hakuweza kutambua kwamba hapaswi kukifanya, au hakuwa na udhibiti wa kitendo chake. Suala likiibuka, mahakama inaweza kuagiza apelekwe kuchunguzwa. Taasisi ya Isanga mjini Dodoma ndiyo inayojulikana kwa kazi hiyo, na sheria inampa daktari siku 42 kuandaa ripoti. Ikithibitika, mahakama inasema alitenda kitendo lakini hana hatia kwa sababu ya ugonjwa wa akili. Haendi nyumbani. Anazuiliwa kwa matibabu.

Tatizo liko kwenye kifungu kidogo kinachofuata. Kinasema mtu anaweza kuwajibika hata kama akili yake imeathiriwa na ugonjwa, kama ugonjwa huo haukufika kwenye moja ya hali hizo tatu. Yaani kipimo ni cha ndiyo au hapana. Ukifika mstari, huna hatia. Usipofika, hata ukikosa hatua moja, wewe ni sawa na mtu mwenye akili timamu, na adhabu inayokungoja ni kifo.

Katikati ya hizo mbili pana pengo. Kwa Kiingereza cha mahakama za Uingereza pengo hilo lilizibwa mwaka 1957, kwa utetezi unaoweza kuitwa uwajibikaji uliopungua. Ulifanyiwa marekebisho makubwa kwa sheria ya mwaka 2009 iliyoanza kutumika Oktoba 2010. Mshtakiwa, na safari hii mzigo ni wake, anatakiwa kuonyesha kwamba akili yake haikuwa inafanya kazi kikawaida, kwamba hali hiyo inatokana na ugonjwa unaotambuliwa na madaktari, kwamba ilipunguza kwa kiasi kikubwa uwezo wake wa kuelewa anachofanya, kuamua kwa busara au kujizuia, na kwamba ndiyo inayoeleza kwa nini aliua. Akifaulu, kosa linashuka kutoka mauaji ya kukusudia hadi kuua bila kukusudia.

Wengi waliusikia utetezi huu kupitia mji wa Nottingham. Tarehe 13 Juni 2023, mwanaume mmoja aliwaua kwa kisu wanafunzi wawili wa chuo kikuu wenye miaka 19 na mhudumu wa shule mwenye miaka 65, kisha akajaribu kuwaua watu wengine watatu kwa gari. Alikuwa na skizofrenia. Waendesha mashtaka walikubali akiri kuua bila kukusudia kwa misingi ya uwajibikaji uliopungua, na Januari 2024 jaji akaamuru azuiliwe katika hospitali yenye ulinzi mkali. Familia zilipinga kwa nguvu, zikisema haki haikutendeka. Mei mwaka huo Mahakama ya Rufaa ilikataa kuibadili adhabu hiyo.

Malalamiko yale yanafanana na maoni yanayoandikwa chini ya habari za hapa. Familia ilisikia "bila kukusudia" wakati mtu alibeba kisu na kuwafuata ndugu zao. Jibu la sheria lilikuwa kwamba nia ilikuwepo, ila iliongozwa na ugonjwa.

Uganda nayo imeuweka utetezi huu kwenye Kanuni yake ya Adhabu, kwa njia tofauti kidogo: mahakama humkuta mtu na hatia ya mauaji akiwa na uwajibikaji uliopungua, na badala ya kumhukumu kifo inaagiza azuiliwe mahali salama. Tanzania Bara haina utetezi wa jumla wa aina hiyo. Ina dirisha moja dogo tu, kifungu cha 199: mama anayemuua mtoto wake wa chini ya miezi 12 huku akili yake ikiwa haijatulia kutokana na athari za kujifungua au kunyonyesha, huadhibiwa kama aliyeua bila kukusudia. Kwa mama huyo sheria inakubali kwamba akili inaweza kuyumba bila kuondoka. Kwa kijana anayesikia sauti, haikubali.

Anayengoja na anayelipuka

Pengo hilo linawagusa pia watu wasio wagonjwa. Fikiria mwanamke aliyepigwa na mumewe kwa miaka 10. Hawezi kumrudishia akiwa macho, kwa sababu ana nguvu kumliko. Usiku mmoja, baada ya kipigo, anangoja alale, kisha anaua.

Kwa kipimo cha "ghafla, kabla ya kupoa", alingoja. Mwanaume anayelipuka na kuua papo hapo anapata nafuu ya uchokozi. Mwanamke aliyeogopa kwa miaka anaipoteza kwa sababu ya saa moja. Kwa sababu hiyo Uingereza iliufuta utetezi wa zamani wa uchokozi na kuweka wa kupoteza uwezo wa kujizuia, ambao hauhitaji iwe ghafla na unahesabu hofu ya kufanyiwa ukatili mkubwa. Sheria hiyo hiyo ilisema usaliti wa kimapenzi peke yake usihesabiwe kuwa sababu. Afrika Mashariki, ambayo kanuni zake za adhabu ziliandikwa enzi za mkoloni kwa kufuata mawazo ya Waingereza, imebaki na toleo la zamani.

Majirani wamepunguza makali kwa njia nyingine, kupitia adhabu. Mahakama ya Juu ya Uganda mwaka 2009, na ya Kenya Desemba 2017, ziliamua kwamba kumlazimisha jaji atoe adhabu ya kifo ni kinyume cha katiba. Tangu hapo jaji wa nchi hizo anaweza kuitazama miaka 10 ya kipigo, au ugonjwa ambao haukufika mstari, na kutoa adhabu inayolingana hata kama kosa limebaki na jina lile lile. Kwa Tanzania, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu yenye makao yake Arusha iliamua Novemba 28, 2019 kwamba ulazima huo unakiuka haki ya kuishi, na ikaiagiza nchi irekebishe sheria. Miezi michache kabla, Mahakama Kuu ilikuwa imekikuta kifungu cha 197 kuwa hakivunji katiba.

Tanzania haijamnyonga mtu tangu katikati ya miaka ya 1990, lakini hukumu zinaendelea kutolewa, na waliohukumiwa hukaa gerezani wakingoja kitanzi au huruma ya rais. Kwa kuwa jaji hawezi kupunguza chochote baada ya kutamka "mauaji ya kukusudia", vita yote inapiganwa kabla ya neno hilo: jembe lilikuwa wapi, fimbo ilikuwa imeshaanguka au bado, mama alipigwa mbele ya mwanaye au alisimuliwa, na kati ya kusikia na kupiga zilipita dakika ngapi.